Bibi hajaanguka, pingili imevunjikaje?

"Dokta shikamoo. Bibi yetu ana miaka 74, yuko Tandahimba. Mwezi uliopita aliinua ndoo ya maji akasikia 'ka' mgongoni, tangu hapo hainuki kitandani mpaka ashikwe. Tukampeleka Mtwara mjini kupiga eksirei, ripoti inasema pingili ya L1 imevunjika kwa kubonyea. Hajaanguka kabisa, sasa imevunjikaje? Huku wengine wanasema ni TB ya mifupa. Amepewa diklofenaki tu, na anaendelea na vidonge vyake vidogo vya magoti, viwili kila asubuhi, ananunua duka la dawa mwaka wa tatu huu. Picha nimekutumia."

Marahaba mjukuu, na bibi mpe pole sana. Picha nimeiona, ile ya ubavuni ndo nzuri, ya mbele haina msaada mkubwa kwa jambo hili. Nianze na hilo la kutoanguka maana ndo penyewe hapo. Mfupa wa mtu mzima mwenye afya hauvunjiki kwa ndoo ya maji. Ukivunjika kwa ndoo, au kwa kukohoa, au kwa kuinama kuokota korosho, basi mfupa ulishakuwa umekonda kitambo na ndoo imemalizia tu. Kwa hiyo ripoti yenu imesema nusu ya habari, imesema kilichovunjika haikusema kwanini, na hiyo nusu ya pili ndo inayotakiwa kutibiwa.

Chukua ile picha uiangalie na mimi. Pingili za mgongo kwa ubavuni zinaonekana kama viboksi vimepangwa, kila kimoja mbele na nyuma viko karibu sawa. Hesabu kutoka chini, pingili tano za kiuno ni L5 mpaka L1, na juu yake inaanza T12 yenye mbavu. Ukifika L1 utaona siyo boksi tena, imekuwa kama kabari ya kupasulia kuni, nyuma nene mbele nyembamba. Nimepima kwenye skrini, ukuta wa nyuma nimepata milimita 28, wa mbele 17. Hizo namba zenyewe usizishike sana maana picha ya simu inakuza na kupunguza, kinachoaminika ni uwiano. Zimepotea 11 kati ya 28, hiyo ni kama asilimia 39. Sisi tunagawa hivi: ikipungua asilimia 20 hadi 25 ni kubonyea kidogo, 25 hadi 40 ni kwa wastani, ikizidi 40 ni kubaya. Bibi yuko ukingoni kabisa mwa wastani.

Na siyo bahati mbaya kwamba ni L1. Mgongo wa juu umefungwa na mbavu haupindi ovyo, wa kiuno unapinda, sasa pale vinapokutana, T12 na L1, ndo mzigo wote wa kuinama unapoangukia. Wengi wanavunjikia hapohapo. Halafu fikiria ndoo ya lita 20, ni kilo 20, bibi ameinama mikono iko mbele mbali na mwili, misuli ya mgongo inavuta kwa nguvu kubwa kuliko kilo zenyewe ili asidondoke na ndoo yake, na nguvu yote hiyo inakandamiza upande wa mbele wa pingili. Ndo maana imebonyea mbele, nyuma ikabaki.

Sasa kwa ndani kulitokea nini. Wewe mtu wa Tandahimba nyumba ya miti na udongo unaijua inavyojengwa. Zinasimikwa nguzo, zinafungwa fito kwa kulala, ndo udongo unakandikwa. Ndani ya pingili kuko hivyohivyo, kuna vijinguzo vidogo vya mfupa vilivyosimama na vijifito vinavyovishika, ganda la nje ni jembamba tu. Mfupa ukianza kukonda haviondoki vyote pamoja, vinavyotangulia ni zile fito za kulala. Nguzo bado zipo, ukiangalia unasema nyumba imesimama. Lakini nguzo isiyo na fito haina wa kuishika katikati, inapinda. Na hapa kuna hesabu ambayo fundi yeyote anaijua hata kama hajaisoma, ukiondoa fito ya katikati urefu wa nguzo usioshikwa unakuwa mara mbili, na uwezo wake wa kubeba bila kupinda unashuka mpaka robo. Siyo nusu, robo! Kwa hiyo mtu anapoteza mfupa kidogo tu kwa uzito lakini nguvu inashuka kwa kishindo. Ile 'ka' aliyoisikia bibi ni nguzo zimepinda zikakatika.

Kwanini fito ziliondoka. Mfupa siku zote unabomolewa na kujengwa, kuna seli za kubomoa na seli za kujenga, na kwa mwanamke homoni ya estrojeni ndo inayowazuia wale wabomoaji wasipitilize. Hedhi ikikoma homoni inashuka, wabomoaji wanapata uhuru, na miaka ile ya mwanzo baada ya hedhi kukoma mfupa unaondoka kwa kasi kweli. Bibi wa miaka 74 ana zaidi ya miaka 20 ya hali hiyo. Hilo ni la wanawake wote na siyo wote wanaovunjika, ndo maana jicho langu limeenda moja kwa moja kwenye kitu ulichokitaja kama cha kupita tu, vile vidonge viwili vya asubuhi.

Naomba leo upige simu nyumbani wakusomee kilichoandikwa kwenye kopo au kwenye karatasi ya kidonge. Mimi nimefanya kazi huku kusini miaka mingi, ukiniambia vidonge vidogo vya magoti vinavyofanya mtu ajisikie vizuri na ashibe vizuri, ninachokifikiria cha kwanza ni deksa. Deksamethasoni kwa jina lake. Inaondoa maumivu kweli, sibishi, mtu aliyekuwa anachechemea anakwenda shamba. Lakini ni steroidi, na steroidi inafanya mambo mawili kwa mfupa kwa wakati mmoja, inawaua wajenzi na inapunguza kalisiamu mwilini. Tufanye hesabu. Kama kidonge ni nusu miligramu, viwili ni miligramu moja kwa siku, na miligramu moja ya deksa nguvu yake ni kama miligramu sita na nusu hivi ya predinisoloni. Sisi tunaanza kuogopa mfupa mtu akitumia predinisoloni miligramu 5 kwa siku kwa zaidi ya miezi mitatu. Bibi ana miaka mitatu, siyo miezi. Kama uso umekuwa wa duara, ngozi ya mikono inachubuka kwa kitu kidogo na ina madoa ya damu ya zambarau, basi huhitaji hata kusoma kopo.

Lakini sikiliza vizuri hapa, MSIKATE HIVYO VIDONGE GHAFLA. Najua ukimaliza kusoma hii utataka uvitupe chooni. Mwili uliopewa steroidi miaka mitatu umeshaacha kutengeneza ya kwake, ukikata siku moja anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka akazimia, na watu wanakufa kwa hili. Zinapunguzwa polepole kwa wiki na miezi, daktari akiwa anaangalia. Nendeni na kopo lenyewe hospitali.

Kuhusu TB. Hao waliosema TB siwacheki, kwetu TB ya mgongo ipo na kila picha ya pingili iliyobonyea lazima uijibu swali hilo. Tofauti yake inaonekana kwenye nafasi kati ya pingili na pingili, pale diski inapokaa. TB inapenda kula pingili mbili zilizopakana pamoja na nafasi iliyo katikati, nafasi inakuwa nyembamba au inapotea kabisa na kingo za mfupa zinakuwa zimetafunwa. Kwa bibi nafasi ya juu ya L1 na ya chini yake zote zipo wazi, kingo zinafuatika kwa kidole. Pia TB haiji na ndoo, inakuja polepole kwa wiki nyingi, na homa za jioni, jasho usiku, kukonda. Muulizeni hayo.

Kitu cha pili cha kukiondoa ni saratani iliyoingia kwenye mfupa, au ile ya damu inayoanzia kwenye uboho, inaitwa mailoma. Hapo ndo picha ya mbele inapata kazi yake. Kila pingili ukiitazama kwa mbele ina viduara viwili kama macho, kulia na kushoto. Saratani ikila upande mmoja jicho moja linapotea. Za bibi zote zina macho mawili. Ukuta wa nyuma pia umenyooka, haujavimba kuelekea kwenye uti wa mgongo. Hayo yananipa moyo, ila eksirei peke yake haitoshi kunilaza usingizi, kwa hiyo nataka wamtoe damu wapime wingi wa damu, ESR ile ya kuonyesha kama kuna uvimbe mwilini, kreatinini ya figo na kalisiamu. Damu ikiwa chini sana bila sababu, ESR iko juu mno, figo zinasumbua, hapo tunaacha habari ya kukonda kwa kawaida tunatafuta mailoma. Na wamshike matiti wayaangalie, wazee wetu hawasemi.

Utauliza mbona ripoti haikuandika kwamba mifupa imekonda. Kwa sababu eksirei ya kawaida haioni hilo mpaka mtu awe amepoteza kama asilimia 30 ya mfupa au zaidi, na hata hapo ukiongeza moto wa mashine kidogo mfupa mzima nao unatoka mweusi kama umekonda. Kuna kipimo maalum cha uzito wa mfupa, kinaitwa DEXA, kinatoa namba, ikiwa -2.5 au chini ya hapo tunasema mifupa imekonda kiugonjwa. Watu wananiuliza sana waende Dar kukitafuta. Kwa bibi yako nasema msiuze korosho kwa ajili hiyo. Pingili iliyovunjika kwa ndoo, kwa mama wa miaka 74, na mengine tuliyoyasema yakiondolewa, yenyewe ndo jibu, anatibiwa kama mwenye ugonjwa wa kukonda mifupa hata namba ingetoka nzuri. Tena namba inaweza kudanganya kwa uzuri, maana pingili iliyobonyea imekusanya madini yaleyale kwenye eneo dogo, mashine inasoma kama mfupa mnene!

Kwanini nasisitiza hivi kutibu mfupa na siyo maumivu tu. Nilishakuwa na mama mmoja wa Lindi, muuza samaki, alivunjika L1 kama bibi, hospitali aliyoanzia akaambiwa ni uzee, akapewa diklofenaki akarudi kwake. Maumivu yakaisha kama wiki ya nane, kila mtu akasahau. Baada ya miezi kumi akaletwa kwangu, T12 na L2 zote zimebonyea, anasema kanga inaburuza mbele na chakula hakimalizi maana mbavu zimekaa juu ya nyonga. Hii siyo ajabu. Ukichukua wanawake watano waliovunjika pingili, karibu mmoja atavunja nyingine ndani ya mwaka huohuo. Pingili iliyokuwa kabari inausukuma mwili mbele, na za jirani zinabeba mzigo mbaya zaidi, na zenyewe nazo ndani hazina fito.

Basi dawa. Diklofenaki kwa mzee wa miaka 74 anayetumia steroidi siipendi kabisa, hizo mbili pamoja zinachimba vidonda vya tumbo na anaweza kutapika damu, na figo zinaumia. Panadoli gramu moja asubuhi mchana jioni kwa saa maalum, siyo mpaka aumie ndo apewe, na ikizidi kuuma waandike kitu cha nguvu zaidi kwa siku chache (hizo za nguvu zinafunga choo, na kujikamua chooni na pingili iliyovunjika ni mateso, basi maji na papai). Kulala ni kwa siku mbili tatu za mwanzo tu, na bibi ameshazipita, sasa aamke atembee ndani ya nyumba hata kwa kushikwa, maana kitanda chenyewe kinakondesha mfupa. Mfundisheni kuamka, ageuke kwanza ubavuni mwili mzima kama gogo, miguu ishuke, ndo ajisukume kwa mkono. Asiamke kwa kukaa moja kwa moja. Maumivu makali mengi yanapungua kati ya wiki 6 na 12. Oparesheni ya kumwagia simenti kwenye pingili ipo, ila mwaka 2009 zilitoka tafiti mbili zilizolinganisha simenti na oparesheni ya kuigiza tu, wagonjwa wakapata nafuu ileile. Kwa bibi sioni haja.

Dawa ya mfupa wenyewe ni alendroneti, kidonge cha miligramu 70, kimoja kwa wiki. Inawatuliza wale wabomoaji. Kabla ya kuanza figo ziwe zimepimwa, kama uwezo wa kuchuja uko chini ya mililita 35 kwa dakika hapewi, na kalisiamu ya damu iwe sawa. Unywaji wake una masharti na watu wanayapuuza halafu wanasema dawa haifai. Tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, siyo chai wala maziwa, halafu asilale na asile kwa nusu saa, akae au asimame. Kikikwama kooni kinachoma. Mkiwa na bibi asiyeweza kukaa wima nusu saa au anayepaliwa akimeza, mwambieni daktari, kuna ya sindano ya mshipani ya mara moja kwa mwaka. Mwezi wa Ramadhani kama anafunga, ile siku yake afungulie kidonge kwa maji matupu, asubiri nusu saa ndo tende na uji, tumbo si limeshakuwa tupu kutwa nzima. Asipewe pamoja na kidonge cha kalisiamu, kalisiamu inaishika dawa haiingii mwilini.

Kalisiamu yenyewe kwa umri wake anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku, chakula kwanza. Dagaa wanaoliwa na mifupa yake ndo rafiki, na maziwa akipata. Korosho tunaila sana lakini kalisiamu yake ni ndogo. Vitamini D wampe yuniti 800 kwa siku, wazee wengi wanashinda ndani wamejifunika, jua linaishia mlangoni.

Swala aswali kwenye kiti, rukuu na sijida aashirie kwa kichwa kidogo bila kukunja mgongo, mpaka mfupa ushike, na dini imeruhusu hilo, muulizeni sheikh wenu kama anasitasita. Kubangua korosho afanyie mezani, siyo chini mkekani ameinama. Ndoo hapana, hata ya lita kumi. Najua maji ya huko juu yanavyopatikana kwa shida, basi wajukuu mpo.

Akianza kuishiwa nguvu miguuni, au ganzi sehemu anazokalia, au mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, hiyo siyo ya kusubiri kliniki, ni gari siku hiyohiyo, maana uti unabanwa. Kwa picha niliyoona ukuta wa nyuma umesimama kwa hiyo sitegemei, ila mjue.

Akishaweza kusimama vizuri mwegemezeni kwenye fremu ya mlango, visigino vigusane na mti, piga alama ya mkaa juu ya kichwa na andika tarehe. Kisogo kama hakifiki kwenye mti pimeni pia vidole vingapi vinapita hapo kati. Kila miezi mitatu rudia. Alama ikishuka sentimita mbili mrudisheni eksirei hata kama hasemi anaumwa, maana pingili nyingi zinabonyea kimyakimya bila ile 'ka'.